Ndoo ilimwagwa mara tatu: kwa nini mgonjwa wa kipindupindu huzinduka, kisha akafa usiku

*"Mimi ni muuguzi katika zahanati ya kijiji kando ya Ziwa Tanganyika. Saa nne asubuhi tulipokea mvuvi wa kilo 55 hivi, anahara na kutapika tangu alfajiri, macho yameingia ndani, mapigo hayashikiki. Tulimtundikia dripu ya ringa chupa nne hadi saa nane mchana. Akazinduka, akaomba chai, akakojoa kidogo. Tukatoa dripu, tukawaachia ndugu pakiti mbili za ORS. Ndoo yake ilimwagwa mara tatu. Saa mbili usiku mapigo yakapotea tena, akafia kwenye boti tukimpeleka kituo cha afya. Mwenzangu anasema tungewahi kumpa dawa za metro na doksi. Ndugu wanasema ORS ndiyo iliyomzidishia kuhara. Mwenyekiti wa kijiji anataka nyumba ya marehemu ifungwe, mtu asitoke. Tuko wauguzi wawili na chumba kimoja. Tulikosea wapi, na akija mwingine kesho tufanyeje?"*

Poleni sana, mwenzangu. Jibu la swali lako umeliandika mwenyewe katika sentensi moja fupi: ndoo ilimwagwa mara tatu. Hukuandika ilikuwa na kiasi gani, kwa sababu hakuna aliyepima. Tuanzie hapo.

Mtu mzima anayefika na kipindupindu huku mapigo ya kifundo cha mkono hayashikiki ameshapoteza maji yapatayo sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Kwa kilo 55 hizo ni lita tano na nusu, na ndizo Mpango C, ule wa kujaza maji kwa dripu, unazotaka zirudi: mililita 100 kwa kila kilo. Ninyi mlimpa chupa nne za nusu lita, yaani lita mbili, kwa saa nne. Wakati huohuo alikuwa anaendelea kutoa. Tuchukulie kwa uchache kwamba ndoo ilikuwa na lita mbili kila ilipomwagwa: hizo ni lita sita nyingine. Jumla ya deni ni lita kumi na moja na nusu. Yaliyoingia ni lita mbili za dripu na, kama pakiti zote mbili zilinyweka, lita mbili za ORS. Saa mbili usiku mwili ulikuwa unadai lita saba na nusu. Mgonjwa wenu alikuwa mkavu kuliko alivyoingia asubuhi.

Sasa, kwa nini alizinduka akaomba chai? Kwa sababu lita mbili zikiingia moja kwa moja kwenye mishipa huinua presha haraka, ubongo na figo vinapata damu, na mtu anafumbua macho. Wengi wetu tumedanganywa na hali hiyo. Lakini misuli, ngozi na viungo vingine bado ni vikavu, navyo vinaanza kuvuta maji yaleyale kutoka kwenye mishipa, huku utumbo ukiendelea kumwaga. Kukojoa kidogo na kuomba chai ni dalili njema, ila hazisemi kwamba deni limelipwa.

Nami yalinikuta, ndiyo maana nakuandikia bila kukulaumu. Miaka yangu ya mwanzo kazini, katika kituo ambacho sitakitaja, mama mmoja alilala vizuri baada ya dripu, nami nikaandika kwenye faili "anaendelea vizuri". Ndoo ilikuwa inamwagwa na mtu wa usafi kabla sijaiona. Alfajiri nilisikia anaita kwa sauti iliyokauka, kama mtu aliyepiga kelele siku nzima, huku ameshika misuli ya miguu inayokakamaa. Sauti hiyo na mkakamao huo ni upungufu wa maji unaorudi. Tulimrudishia dripu akapona. Tangu siku hiyo mtu wa usafi hamwagi ndoo ya kipindupindu mpaka muuguzi aisome na kuandika.

Turudie mgonjwa wenu, safari hii kwa mpango. Saa nne asubuhi anaingia. Hatua ya kwanza ni mililita 30 kwa kilo ndani ya nusu saa: lita moja na nusu na ushee, yaani chupa tatu na robo. Ukijaribu kuhesabu matone utachoka, maana ni zaidi ya elfu moja kwa dakika. Fungua dripu ikimbie wazi. Hapo ndipo kanula inapoamua. Ile ya bluu haiwezi kupitisha kiasi hicho hata ukiikamua chupa. Tafuta ya kijani au ya kijivu, iingie kwenye mshipa mkubwa wa kiwiko, na ukiweza weka mikono yote miwili, muuguzi mmoja kila upande. Kama mshipa haupatikani kabisa, mpira wa puani unaopeleka ORS tumboni ni bora kuliko kupoteza saa nzima mkitafuta.

Baada ya nusu saa shika kifundo cha mkono. Mapigo yakiwa bado dhaifu, rudia kiasi kilekile kwa kasi ileile. Yakiwa na nguvu, ingia hatua ya pili: mililita 70 kwa kilo kwa saa mbili na nusu, ambazo kwake ni karibu chupa nane. Kufikia saa saba mchana angekuwa amepata chupa kumi na moja. Kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, mafungu ni yaleyale kwa kilo lakini muda huongezwa: la kwanza kwa saa moja, la pili kwa saa tano. Mtoto mwenye utapiamlo mkali usimkimbizie maji namna hii, moyo wake hauhimili. Huyo anataka mpango wake wa taratibu na rufaa.

Ringa ndiyo dripu ya kwanza kuchagua, kwa sababu ina potasiamu kidogo na husaidia kupunguza asidi iliyozidi kwenye damu. Ikikosekana, tumia dripu ya chumvi ya kawaida bila kusita, ila anza ORS mapema zaidi, maana chumvi tupu haina potasiamu. Mgonjwa anayekaa nayo siku mbili peke yake hulegea misuli na tumbo likajaa gesi. Dripu ya sukari tupu isitumike kujaza maji. Sukari yake inatumika mwilini na maji yaliyobaki hayakai kwenye mishipa.

Mara mgonjwa anapoweza kumeza, hata dripu ikiwa bado inakimbia, mpe ORS. Kwa kilo 55 ni kama kikombe kimoja cha mililita 250 kila saa. Hapa watu wengi hukosea kwa kuona dripu na ORS kama zamu mbili, moja ikiisha ndipo nyingine ianze. Zinakwenda pamoja, na dripu hutoka pale tu deni la mwanzo limelipwa na mgonjwa anakunywa vizuri.

Baada ya hapo kazi ni ya ndoo. Chukua ndoo ya plastiki, mimina ndani kwanza nusu kikombe cha klorini kali ya asilimia 2, kisha chora mstari ulipofika uso wake kwa kalamu isiyofutika. Kutoka mstari huo mimina maji lita moja moja ukichora mstari kila mara, halafu uimwage na uandae upya. Kila baada ya saa nne soma ndoo, andika, ndipo imwagwe. Alichotoa ndicho atakachokunywa saa nne zinazofuata. Ametoa lita mbili? Vikombe vinane, viwili kila saa. Mpe ndugu kipande cha boksi na kalamu, achore mstari mmoja kwa kila kikombe kilichoisha. Hajui kusoma si kitu, mistari inatosha. Ndugu huyu ndiye muuguzi wenu wa tatu, na usiku mkizidiwa ndiye atakayewaamsha.

Ndoo ikizidi kile mgonjwa anachoweza kunywa, au akitapika vyote, au mapigo yakianza kukimbia na kudhoofika, rudisha dripu papo hapo. Kwa hiyo kanula isitolewe siku ya kwanza. Ifunge, iache mkononi.

Pakiti mbili za ORS zilikuwa chache mno. Mgonjwa mmoja mahututi muwekee hesabu ya lita 8 za ringa, yaani chupa 16, na pakiti 10 za ORS za lita moja. Nenda ukahesabu stoo yenu leo. Mkiwa na chupa 20, mna uwezo wa mgonjwa mmoja tu wa namna hiyo, na simu ya kuomba nyingine ipigwe kabla hajafika wa pili.

Ndugu wa marehemu usiwapuuze, kwa sababu walichokiona kilikuwa kweli machoni pao: alikunywa, akahara. Kimelea cha kipindupindu hakitoboi utumbo. Kinakaa juu ya ukuta wake na kutoa sumu inayolazimisha chembe za utumbo kumwaga chumvi, na maji huifuata chumvi. Ndiyo maana choo kinakuwa kama maji ya kuoshea mchele, hakina damu, na mara nyingi mgonjwa hana homa. Ukiona damu na homa, fikiria kuhara damu, ambako kuna matibabu mengine. Lakini sumu hiyo inaacha mlango mmoja wazi: ule unaopitisha chumvi ikishikana mkono na sukari. Glukosi na chumvi zikifika pamoja kwa kipimo sahihi huingia mwilini, na maji yanazifuata. ORS haizibi bomba linalovuja. Inajaza pipa kwa kasi inayoshinda uvujaji, na kwa saa za kwanza choo chaweza hata kuonekana kingi. Waeleze hivyohivyo.

Kipimo sahihi ni pakiti moja kwa lita moja ya maji salama, si kwa "kikombe kikubwa". Ikiwa nzito mno huvuta maji kuyarudisha utumboni, na hapo ndugu watakuwa na haki ya kulalamika. Ikishachanganywa itumike ndani ya saa 24. Akitapika, ngoja dakika kumi, endelea kwa funda dogodogo.

Nguvu ya maji haya ilionekana mwaka 1971 huko Bangaon, India, wakati wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipofurika na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis alichanganya glukosi, chumvi ya mezani na soda ya kuokea, akajaza madumu, na ndugu wa wagonjwa wakawa wanachota kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vilishuka chini ya asilimia 4. Upande wetu huu, mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda waliofika Goma, kando ya Ziwa Kivu, walikufa karibu 50,000 ndani ya mwezi mmoja, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Waliochunguza baadaye walitaja, miongoni mwa sababu, dripu zilizokwenda polepole mno na ORS iliyotolewa kidogo. Kwa hiyo kosa lenu limewahi kufanywa na watu waliokuwa na mahema, magari na madaktari.

Kuhusu dawa, mwenzako ana haki nusu. Metro haina kazi kwenye kipindupindu, iacheni kabisa, pamoja na vidonge vya kuzuia kuhara. Doksisaiklini miligramu 300 mara moja kwa mtu mzima ni nzuri: hupunguza wingi na siku za kuhara. Hutolewa baada ya saa chache za maji, kutapika kukitulia, vinginevyo mtaikuta kwenye ndoo. Lakini haifanyi kazi kwa dakika. Mvuvi wenu aliuawa na upungufu wa maji ndani ya saa kumi, na kidonge kingekuwa kinaanza tu kazi. Watoto chini ya miaka mitano waongezewe zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa wasiotimiza miezi sita.

Chumba kimoja kinatosha kwa siku za mwanzo. Kipindupindu hakiruki hewani. Kinasafiri kwenye choo, matapishi, mikono na maji. Hamisheni wagonjwa wengine wote kwenye veranda au chini ya mwembe, chumba kibaki cha kuhara tu, mlango mmoja wa kuingilia na choo chake peke yake. Tobo likatwe katikati ya kitanda cha turubai, ndoo ikae chini yake, ya pili ya matapishi kichwani. Mgonjwa mmoja, ndugu mmoja, naye asipike wala asiwalishe wengine akiwa zamu.

Klorini ndiyo huwachanganya watu, hivyo andika ukutani. Kwa unga wa klorini wa HTH wa asilimia 70 na kijiko cha chakula kilichosawazishwa: nusu kijiko kwa lita 10 za maji ni ya kunawa mikono, vijiko viwili kwa lita 10 ni ya sakafu, vitanda na vyoo, vijiko viwili kwa lita moja ndiyo ile kali ya kwenye ndoo na ya maiti. Changanyeni nje, kwenye vyombo vya plastiki, upya kila siku. Niliwahi kuona mtu ananawishwa kwa ile kali kwa sababu madumu yote yalikuwa ya rangi moja. Tofautisheni rangi.

Sasa mwenyekiti. Mheshimu, ni mtu mnayemhitaji, lakini nyumba isifungwe. Wengi walioambukizwa hawaugui kabisa ila wanatoa vimelea kwa siku kadhaa, na walioambukizwa mapema huenda tayari wameshafika kambi nyingine za uvuvi. Mkifunga nyumba moja, nyumba ya pili itamficha mgonjwa wake, au itampakia kwenye boti gizani. Kugawa dawa kwa kijiji kizima nako hakuzuii mlipuko, na kupuliza klorini kwenye kuta ni kazi inayoonekana sana na kusaidia kidogo. Mwombe mwenyekiti nguvu zake zielekee kwenye maji.

Kaya ya marehemu ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote kwa siku tano zijazo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii apite kila siku na sabuni, dawa ya kutibu maji na pakiti za ORS mkononi, awaambie anayeharisha aanze kunywa njiani kuja kwenu, asingoje kuzidiwa. Kama maziko bado, mwili usafishwe na watu wawili waliofundishwa, kwa klorini kali, matundu yazibwe kwa pamba iliyochovywa humo, azikwe mapema bila chakula cha msiba nyumbani hapo.

Halafu kuna ufukwe. Mnapochota maji ndipo wavuvi wanapojisaidia, hilo nadhani unalijua. Vyoo havijengwi kwa siku mbili, lakini klorini inaweza kukaa ufukweni kesho asubuhi. Yeyusha kijiko kimoja cha HTH kwenye lita moja ya maji: hiyo ni asilimia 1. Jaza ndoo nne za lita 20 kutoka ziwani, tia kwa bomba la sindano mililita 2 kwenye ya kwanza, 4 ya pili, 6 ya tatu, 8 ya nne. Subiri nusu saa, pima kwa vidonge vinavyogeuza maji yenye klorini kuwa ya waridi, ambavyo bwana afya huwa navyo. Ndoo ya kiwango kidogo zaidi inayobaki na angalau miligramu 0.5 kwa lita ndiyo kipimo chenu. Mtu mmoja mwenye bomba la sindano asimame mahali pa kuchotea tangu alfajiri hadi jioni, atie kwenye kila ndoo inayopita, na kila mmoja aambiwe angoje nusu saa kabla ya kunywa. Ziwa likichafuka baada ya mvua, pima upya, maana tope hula klorini.

Kuna wagonjwa ambao zahanati isiwang'ang'anie. Mjamzito wa miezi ya mwisho, mtoto mwenye utapiamlo, mtu ambaye baada ya maji ya kutosha saa sita zimepita bila mkojo, aliyebaki hajitambui baada ya mapigo kurudi (pima sukari yake kwanza), na yule ambaye kope zimevimba na anakohoa na kuhema, dalili kwamba sasa maji yamezidi. Hao wote wapelekwe. Huyo wa mwisho dripu yake isimamishwe, mwenye utapiamlo afuate mpango wake wa taratibu, na wengine wasipande boti bila dripu inayokimbia na muuguzi au mtu aliyefundishwa kubadilisha chupa. Mgonjwa wenu aliwaponyoka ndani ya boti.

Kama hamjatoa taarifa, mpigie mganga mkuu wa wilaya leo. Mgonjwa mmoja aliyekufa kwa kuhara maji anatosha, hakuna haja ya kungoja wa tatu. Anayefuata achukuliwe kipimo cha choo kabla ya doksi ili maabara ithibitishe, lakini dripu yake ianze dakika ileile anapoingia mlangoni, majibu yatamkuta kitandani.